Mbiu ya Mgambo Bila Jambo: Kikaguzi cha Sarufi na Sentensi Isiyo na Kosa

(Hotuba niliyoitoa mbele ya wahariri, wafasiri na walimu wa Kiswahili. Nimeipunguza kidogo na kuondoa mizaha iliyowahusu waliokuwepo tu.)

Ndugu zangu wapendwa.

Naomba nisimame hapo hapo kwanza, kabla hata sijawapa shikamoo wakubwa. Juzi usiku nilipokuwa naandika maneno haya matatu, programu yangu ya kukagua sarufi iliyapigia mstari. Nikaiuliza kwa kubofya: kulikoni? Ikajibu kwamba hakuna upatanisho. Nikatazama tena. "Ndugu zangu wapendwa." Kwa macho ya mashine, ina hoja. "Zangu" ni upatanisho wa ngeli ya I-ZI, kama nyumba zangu na kalamu zangu. "Wapendwa" ni upatanisho wa A-WA, kama watoto wapendwa. Jina ni moja, na kila neno linalolifuata limeshika njia yake. Kwenye kitabu cha sarufi cha darasa la tano hilo ni kosa.

Lakini hakuna hata mmoja wenu aliyeshtuka. Tunasema rafiki zangu wazuri, shangazi yangu mkubwa, jirani zetu wema. Majina ya undugu na ujamaa yana mazoea yao: kimilikishi hufuata umbo la jina, kivumishi na kitenzi hufuata uhai wa mwenye jina. Hiyo ni sheria kamili, ila ni sheria ndogo iliyojificha ndani ya ile kubwa. Aliyeiandikia mashine ile kubwa hakufika huku ndani.

Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Leo nataka kuzungumzia mbiu inayolia pasipo jambo: kikaguzi kinapopigia mstari sentensi iliyo sahihi, kwa sababu tu haifanani na nyingi kilizozizoea. Kosa ambalo mashine haikuliona tumelizungumza sana, na kila mmoja ana kisa chake. Hili la pili ndilo linalotuharibia maandishi kimyakimya, kwa sababu huko kosa linakuja na mashine yenyewe na sisi tunalikubali.

Nawaomba tuijenge sheria moja pamoja, hapa hapa, ili muone inavyokwama. Nachagua ngeli ya KI-VI kwa sababu alama yake inaonekana waziwazi. Tunataka mashine ikamate kosa la mwanafunzi anayeandika "Kikombe amevunjika" badala ya "Kikombe kimevunjika". Njia nyepesi kabisa ni kuiambia: ukikuta neno linaloanza na ki-, likafuatwa na kitenzi chenye a- au wa- na alama ya wakati, piga mstari. Kwa lugha ya kompyuta inakuwa hivi:

```
\b[Kk]i\w+ w?a(na|li|me|ta)\w+
```

Msiogope alama. Inasema nilichokisema tu. Na inafanya kazi: "Kikombe amevunjika" inakamatwa, "Kisu amepotea" inakamatwa. Mtu anaweza kulala usingizi mzuri baada ya hapo.

Sasa ipelekeni kwenye gazeti. Ukurasa wa kwanza: "Kiongozi amesema", imepigwa mstari. "Kijana alikutwa", imepigwa mstari. Ukurasa wa michezo ndio usiseme: "kipa alidaka", "kiungo amepiga shuti", "kinara anaongoza kwa pointi tatu", ukurasa mzima umekuwa mwekundu. Rudini kwenye sentensi za kawaida: "Kila anayekuja apewe chai." Mashine imeona "kila" inaanza na ki-, basi. "Kisha anaondoka." Hivyo hivyo. "Kila" na "kisha" si majina kabisa, lakini sheria yetu haijui jina ni nini. Inajua herufi.

Dawa ya kwanza anayoifikiria kila mtu ni orodha. Tunaandika majina ya viumbe vyenye uhai yanayoanza na ki-: kijana, kiongozi, kipofu, kiziwi, kinyozi, kiboko, kifaru, kipepeo. Yakitokea hayo, nyamaza. Ni dawa nzuri, ila orodha haina mwisho na maneno hayatulii. Chukueni "kigogo". Seremala akisema "kigogo kimeanguka", ni kipande cha mti. Mwandishi wa siasa akiandika "kigogo ameanguka", kuna mtu amekosa kura. Neno ni lile lile. Chukueni "kiungo": jikoni kinatiwa kwenye mchuzi, uwanjani anavaa jezi. Ukiliweka kwenye orodha, mashine haitakamata "kiungo ameharibika" cha mpishi. Ukilitoa, mwandishi wa michezo atakuchukia.

Na subirini, kuna kinyume chake. Mtu mwingine atakuja na sheria ya pili, inayoonekana ya busara: kiumbe chenye uhai lazima kichukue a-, kwa hiyo "kijana kinalia" ni kosa. Sawa. Halafu mama anaandika "kitoto kinalia, kakichukue". Mwenye chuki anaandika "kizee kile kimerudi tena". Hapo ki- imewekwa kwa makusudi. Ya kwanza inabembeleza, ya pili inadharau. Mashine ikiwarekebishia iwe "kitoto analia" imeharibu sentensi, na ikirekebisha "kizee kile" iwe "mzee yule" imefuta tusi ambalo mwandishi wa riwaya alilitaka liwepo. Hapa Kiswahili kinaruhusu njia mbili kwa kiumbe kimoja, na kinachoamua ni moyo wa msemaji. Huo haumo kwenye herufi.

Sasa tufike kwenye sehemu iliyoniuma mimi mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mhariri wa zamu kwenye chumba kimoja cha habari, nisichokitaja. Makala ilitoka mkoani ikiwa na sentensi hii: "Kijiji walichohama wakazi sasa kimeota msitu." Sentensi safi. Walioandika hivyo wana masikio. Kijiji ndicho kilichohamwa, wakazi ndio waliohama, na mtenda amewekwa nyuma ya kitenzi kama Kiswahili kinavyopenda kufanya katika sentensi za urejeshi: kitabu alichosoma mtoto, nyumba aliyojenga baba. Kikaguzi tulichokuwa nacho kikaona "kijiji" kimefuatwa na "wa-". Kikapiga mstari na kupendekeza "kilichohama". Kijana wa mazoezi akabofya kukubali. Mimi nilisoma haraka, macho yakateleza. Kesho yake tukachapisha: "Kijiji kilichohama wakazi sasa kimeota msitu."

Ikawa kijiji chenyewe ndicho kilichofunga virago. Msomaji mmoja alipiga simu kuuliza kimehamia wapi.

Tuichambue mbiu ile. Mashine ilidhani jina lililo kushoto kwa kitenzi ndilo mtenda. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini ndani ya "walichohama" ushahidi wote upo: wa- inamtaja mtenda, -cho- inakirejea kijiji. Upatanisho ulikuwepo kamili, ila ulikuwa umekaa katikati ya neno, na sheria ilikuwa ikitazama mwanzo wake tu.

Basi turekebishe: ikiwa kitenzi kina -cho- ndani yake, nyamaza. Vizuri, kijiji kimepona. Lakini mwanafunzi akiandika "kikombe alichovunjika", akimaanisha kilichovunjika, naye atapita salama mlango huo huo. Kila mlango unaomfungulia mwenye sentensi sahihi, mwenye kosa naye huuona.

Kuna mlango mwingine. Wenzetu wa ushairi na watu wa Pwani kwa jumla hupenda kutanguliza kitendwa: "Kitabu amekisoma Juma." Ni jibu la mtu aliyeuliza nani amekisoma. Sheria yetu inapiga mstari. Tunaitengeneza: ikiwa baada ya alama ya wakati kuna -ki-, basi kitendwa kimetajwa ndani ya kitenzi, nyamaza. A-me-ki-soma. Safi kabisa. Halafu linakuja "amekimbia", na "amekiri", na "amekinai". Humo -ki- si kiambishi, ni kipande cha mzizi. Mashine inayosoma herufi haiwezi kutofautisha "ameki-soma" na "ame-kimbia" mpaka iwe na orodha ya mizizi yote na ijue kulikata neno vipande kama mwalimu anavyofanya ubaoni.

Kazi hiyo imeshafanywa, kwa taarifa yenu, na ilianza kitambo. Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza miaka ya 1980 kujenga mfumo wa kuchanganua maneno ya Kiswahili kwa kompyuta, juu ya nadharia ya mwenzake Kimmo Koskenniemi iliyotoka mwaka 1983. Mfumo kama huo unalikata neno vizuri. Lakini hata ukilikata vizuri, unabaki na sentensi kama "mtoto aliyemwona mwalimu". Nani kamwona mwenzake? Viambishi vyote ni vya ngeli moja. Inaweza kuwa mtoto ndiye aliyeona, na inaweza kuwa ndiye aliyeonwa. Sisi tunajua kwa yaliyotangulia kwenye habari. Vikaguzi vingi hutazama sentensi moja moja, na sentensi hiyo peke yake haina jibu.

Nimesema "moja moja". Hilo nalo lina mstari wake.

Vikaguzi vilivyozaliwa kwenye Kiingereza vina sheria ya neno lililorudiwa. Kule ina maana, kwa sababu mkono ukiteleza unaandika neno dogo mara mbili. Ikiletwa kwetu bila kupimwa inakuwa kichekesho. "Haraka haraka haina baraka", futa moja. Lakini si kila mara tunacheka. Mwalimu mkuu anaandika: "Wape wanafunzi vitabu viwili viwili." Maana yake kila mmoja apate viwili. Ukikubali ushauri, inabaki "wape wanafunzi vitabu viwili", na darasa zima la watoto sitini linagombea vitabu viwili. Sentensi iliyobaki ni sahihi kisarufi, haina mstari wowote. Ndiyo maana kosa linaloletwa na kikaguzi ni gumu kuliona: linakuja limeshaoga.

Mtaniuliza, na vile vikaguzi vipya visivyoandikiwa sheria, vinavyojifunza vyenyewe kwa kusoma mamilioni ya sentensi? Ni kweli havikwami kwenye "kila" na "kisha". Tatizo lao limehama tu. Vinapima ni mpangilio gani wa maneno una uwezekano mkubwa zaidi, na kile kisichotokea mara nyingi kinaonekana kama kinahitaji kurekebishwa. "Kitabu amekisoma Juma" ni nadra kwenye magazeti, kwa hiyo mashine inashauri "Juma amesoma kitabu". Sarufi sawa, swali lililojibiwa siyo. Mshairi wa Lamu akiandika "mato" kwa maana ya macho, au mtu akiandika "nyumbani mwake mna wageni", mashine inavuta kuelekea "macho" na "nyumbani kwake kuna wageni". Sisi tunajua "mwake" ni ndani, "kwake" ni huko kwa jumla, "pake" ni pale hasa. Tofauti hiyo tuliirithi, na kitu kinachopenda wingi wa mifano kitaila taratibu. Tena kikaguzi cha zamani angalau kinakuambia ni sheria ipi imevunjwa, unaweza kubishana nayo. Hiki kipya mara nyingi kinakupa sentensi nyingine tu.

Sasa hesabu kidogo, ni moja tu. Tuseme mwandishi mzoefu ameandika sentensi 1,000, na ishirini tu zina kosa. Tuseme kikaguzi ni kizuri: kinakamata makosa manane katika kila kumi, na katika kila sentensi mia zilizo sahihi kinazisingizia tatu. Kitakamata makosa kumi na sita. Sahihi ziko 980, tatu kwa mia ni kama ishirini na tisa. Jumla ya mistari ni arobaini na mitano, na ishirini na tisa kati ya hiyo ni ya bure. Mchukueni mwanafunzi anayeanza, mwenye makosa 300 katika sentensi 1,000, na kikaguzi kile kile. Kitakamata 240 na kusingizia 21. Kwake, mstari mmoja tu katika kila kumi na miwili au kumi na mitatu ni wa bure.

Programu ni ile ile, haijabadilishwa hata nukta. Kadiri unavyoandika vizuri ndivyo maneno yake yanavyostahili kuaminiwa kidogo. Nimewasikia waandishi wazoefu wakisema kikaguzi hakina maana na walimu wakisema kinafaa sana, wakabishana mpaka chai ikapoa. Wote wanasema kweli, kila mmoja kwa maandishi anayoyaona.

Wajenzi wenyewe wanalijua hili. Kwenye shindano la CoNLL la mwaka 2014, lililohusu kurekebisha sarufi ya Kiingereza kwa mashine, alama zilipangwa ili usahihi wa marekebisho uwe na uzito mara mbili ya wingi wa makosa yaliyokamatwa. Yaani bora ukae kimya kuliko usingizie. Na kwenye LanguageTool, programu ya wazi iliyoanza na kazi ya chuo ya Daniel Naber mwaka 2003, sheria inaweza kuandikiwa pamoja nayo kile wanachokiita `antipattern`: mpangilio unaofanana na kosa lakini si kosa, ukiuona nyamaza. Mimi naona hapo ndipo kazi ya watu kama sisi ilipo. Sheria ya KI-VI inaandikwa kwa dakika tano na mtu asiyejua Kiswahili vizuri. Kijana, kigogo, kitoto kinalia, kijiji walichohama, hizo anaziandika mtu anayekisema mchana kutwa. Ukitaka kujua sheria yako inafaa, ipitishe kwenye maandishi yaliyokwisha kuhaririwa vizuri, kisha usome kila mstari iliopiga, mmoja baada ya mwingine. Humo makosa ni machache, kwa hiyo karibu kila mbiu utakayoisikia ni ya bure.

Kwa aliyeko mezani anasubiri ukurasa uende mtamboni, nina kipimo kimoja tu. Mstari ukitokea kwenye upatanisho, usitazame pendekezo kwanza. Tafuta nani anatenda, kisha ipange sentensi kikawaida, mtenda mbele. "Kijiji walichohama wakazi": wakazi walihama kijiji. Wakazi, wa-. Imekaa. Basi mbiu ni ya bure. "Kikombe amevunjika": nani anavunjika? Kikombe. Kikombe, a-? Haikai. Mashine ina haki. Inachukua sekunde tatu, na ingeniokoa mimi na ile simu ya msomaji.

Na kitufe cha kukubali yote kwa mpigo, mimi nimekataza kisiguswe kwenye meza yangu. Hilo silijadili.

Mwalimu mmoja pale nyuma aliniuliza mlangoni kama nakizima kabisa. Hapana. Tahajia naiacha iwake, kwa sababu vidole vyangu vimezeeka. Nafasi mbili, nukta iliyosahaulika, nayo naiacha. Nimezima neno lililorudiwa na nimezima upatanisho wa vimilikishi. Wanafunzi wako ni jambo jingine, hesabu yao tumeiona, waachie. Ila usiwape alama kwa kuhesabu mistari, kwa sababu yule mmoja anayeandika "kitabu amekisoma Juma" atapata sifuri kwa sentensi ambayo wenzake hawajaiweza.

Nimalizie na mwaliko wenu. Barua ya kuwaalika hapa niliiandika mimi, nikaipitisha kwenye kikaguzi, ikatoka bila mstari hata mmoja, nikaituma. Jana jioni ndipo nilipoisoma tena kwa macho yangu. Inasema: "Tunawaomba mfike bila kukosea."

Nashukuru mmefika.